Kugawa hifadhidata kwa ufunguo: ulizo lipi linafaidi, lipi linaumia

Jedwali la oda likikua hadi mashine moja ishindwe kuandika oda zote zinazoingia, hubaki kuligawa. Unachagua ufunguo, tuseme namba ya mteja, unaupitisha kwenye heshi ili upate namba iliyochanganywa, unaigawanya kwa 8, na baki inakuambia oda ikae mashine ipi kati ya nane. Mteja akifungua oda zake, inaguswa mashine moja tu. Uandishi nao unatawanyika. Kwa kazi ya namna hii sioni sababu ya kuupinga mgawanyo.

Shida huanza muuzaji anapotaka oda zake. Wateja wake wametapakaa kwenye mashine zote, na ulizo lake halina namba ya mteja hata mmoja:

```sql
SELECT * FROM oda
WHERE muuzaji_id = 52
ORDER BY tarehe DESC
LIMIT 10 OFFSET 990;
```

Inabidi mashine zote nane ziulizwe, na jibu lisubiri ile ya mwisho. Ikiwa kila moja huchelewa mara 1 katika 100, bila kutegemea nyingine, ulizo hili litachelewa karibu mara 8 katika 100. Mashine zikifika 100, litachelewa mara 63. Kwa hiyo kuongeza mashine, ambako kunamsaidia mteja, kunamuumiza muuzaji.

Hiyo `OFFSET` ni mzigo mwingine. Hakuna mashine inayojua ni safu zake zipi zitarukwa, maana huenda oda 1,000 za juu zote ziko kwake. Kila moja inatuma 1,000, zinakusanywa 8,000, zinapangwa upya, zinatolewa 10. Ukianzia kwenye tarehe na namba ya oda ya mwisho iliyoonekana badala ya kuhesabu za kuruka, kila mashine hutuma 10 tu. Lakini bado zimeulizwa zote nane.

Dawa kamili zaidi ni kuweka nakala ya pili iliyogawanywa kwa `muuzaji_id`. Hapo kila oda inaandikwa mahali pawili, na huenda kwa kwanza kukafaulu, kwa pili kukakwama. Ukitaka zote mbili zikubali kwa pamoja, safu hubaki zimefungwa hadi mashine zote zijibu. Ukiandika ya kwanza na kuiacha ya pili ifuate kwa foleni, nakala ya pili hubaki nyuma kidogo. Kwa orodha ya muuzaji ningechagua foleni, kwani kuchelewa sekunde chache hakumdhuru. Kwa kupunguza bidhaa ghalani nisingethubutu, maana bidhaa moja ingeweza kuuzwa mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya kugawa, soma kumbukumbu za maulizo na uhesabu ni mangapi yanabeba ufunguo unaoutaka. Yakiwa karibu yote, gawa. Ikiwa nusu hayaubebi, ningenunua kwanza mashine kubwa zaidi na kuongeza nakala za kusomea, maana kubadili ufunguo baadaye ni kuhamisha karibu kila safu huku mfumo ukiendelea kupokea oda.