Gobleti kwanza, au baa siku ya kwanza?

"Nina mwanafunzi ambaye hajawahi kushika chuma maishani. Nimwanzishie skwati ya gobleti, au huko ni kumpotezea muda na ningempa baa tupu tangu siku ya kwanza?"

Anza kwa kumtazama anavyochuchumaa bila kitu mkononi. Kwa wengi wa huku kwetu, kufika chini si kazi. Mtu aliyekulia kwenye choo cha shimo na kufua kwa beseni amechuchumaa maelfu ya mara, na vifundo vyake vya miguu vinakunjika vizuri. Anachokosa ni mkazo. Kuchuchumaa kwa kupumzika kunamruhusu mtu akunje mgongo, alegeze tumbo na kuuachia uzito viungo. Mbebeshe baa tupu ya kilo 20 mabegani akiwa na mazoea hayo: atashuka kwa ulaini, kisha akitaka kuinuka makalio yatatangulia, kifua kitabaki chini, na mgongo ndio utakaomaliza kazi iliyokuwa ya miguu.

Gobleti inarekebisha hilo bila maneno mengi. Kocha Mmarekani Dan John, aliyelieneza zoezi hili, alilipa jina kutokana na namna uzito unavyoshikwa, kama mtu aliyekumbatia kikombe kikubwa chenye shina. Simamisha dambeli wima, kichwa chake cha juu kikae kwenye viganja viwili, na ubavu wake uguse mfupa wa kifua. Viwiko vielekee chini. Miguu ipane sawa na mabega au zaidi kidogo, vidole vikitazama nje kiasi. Avute pumzi mpaka kiuno kipanuke pande zote, akaze tumbo, ashuke taratibu viwiko vikipita kati ya magoti, atulie sekunde mbili bila kulegea, ndipo ainuke.

Uzito ulio mbele unafanya kazi kama jiwe la mizani. Nyonga zinaweza kurudi nyuma bila mtu kuanguka, kwa hiyo kifua hakilazimiki kuinama sana. Ndiyo maana mtu anayeyumba mikono ikiwa mitupu mara nyingi hutulia ukimpa kilo 8. Pia akikunja mgongo wa juu, dambeli huondoka kifuani na mikono huchoka papo hapo. Kosa linajisema lenyewe, na mwanafunzi hulisikia kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Chukulia mfano wa keshia wa miaka 42, kilo 70, anayekaa kitini kutwa. Huyu hana vifundo vya mtu wa beseni. Anaanza na kilo 8, seti tatu za mara nane, siku tatu kwa wiki, na kwenye seti ya kwanza visigino vinanyanyuka. Macho hudanganya hapa, hasa akiwa amevaa raba zenye soli nene. Tandika karatasi chini ya kila kisigino, na akiwa chini kabisa jaribu kuivuta: ikitoka bila kukwama, kisigino kiko hewani.

Usikimbilie kumlaumu kwa ukakamavu. Mvue viatu, mwambie aweke kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, kisha apeleke goti liguse ukuta kisigino kikiwa sakafuni. Goti lisipofika, kifundo ndicho kinachomzuia. Mwekee sahani ndogo za uzito chini ya visigino aendelee na zoezi, huku akinyoosha kifundo kila siku. Goti likifika bila taabu, basi tatizo ni mwendo wenyewe: anaanza kwa kusukuma magoti mbele na kusahau kukaa, au ameiachia dambeli isogee mbali na kifua. Dawa za matatizo haya mawili hazifanani, na wengi hupoteza mwezi mzima wakinyoosha kifundo kisicho na shida.

Mambo yakienda sawa, wiki ya pili atashika kilo 10, ya tatu 12, na kati ya wiki ya nne na ya sita 16 kwa mara kumi.

Wanaotetea baa tangu mwanzo nao wana hoja nzito. Gobleti hufika mwisho wake mapema. Baada ya kilo 20 au 25, watu wengi huangushwa na mikono na mgongo wa juu ilhali miguu bado inataka kazi. Baa huongezwa kilo mbili na nusu kila siku ya mazoezi, na mabega huibeba bila kulalamika. Kwenye dambeli, baadhi ya jimu huruka kutoka 20 hadi 25 moja kwa moja.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli. Gobleti inamzoesha mtu kubaki wima. Baa iliyo mgongoni inadai kifua kiiname zaidi, maana lazima chuma kibaki juu ya katikati ya unyayo. Mwanafunzi aliyeambiwa "kifua juu" kwa miezi sita atang'ang'ania hivyo hivyo akiwa na baa, uzito utamvutia visiginoni, na magoti yatakimbilia mbele kumwokoa asianguke chali. Anayekaa kwenye gobleti muda mrefu kupita kiasi anajifunza gobleti tu.

Kwa hiyo naitetea gobleti, ila kwa wiki chache, na si peke yake. Kuinama kwa nyonga kufundishwe sambamba tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndicho kipande ambacho gobleti haikitoi. Mti wa fagio unatosha. Uusimamishe mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa mkia. Magoti yalegee kidogo, makalio yarudi nyuma, na mti usiachane na hata sehemu moja kati ya hizo tatu. Ukiachana na mkia, mgongo umejikunja. Ukiachana na kisogo, amekunja shingo. Aliyezoea kufagia ua kwa ufagio wa njukuti huinamia nyonga tayari, na anachobaki nacho ni kujifunza kuushika mgongo usijikunje.

Wapo pia wasiohitaji hata hizo wiki. Kijana mbeba mizigo ambaye siku ya kwanza anafanya kilo 16 mara nane, visigino chini na mgongo umetulia, apewe baa siku hiyohiyo. Kumzuia ni kufuata ratiba badala ya kumtazama mtu. Keshia wetu ni kinyume chake: baa ya kilo 20 ni zaidi ya robo ya uzito wake, na mabega yaliyokakamaa huenda yakamzuia hata kuishika vizuri.

Siku yake ya baa ikifika, gobleti isitupwe. Apashe mwili kwa seti mbili za mara tano na kilo 12, kisha aingie kwenye raki, fremu ya chuma inayoshikilia baa, vyuma vya usalama vikiwa chini kidogo ya pale baa inapofika akishuka kabisa. Baa ilale juu ya misuli ya mabega, si juu ya mfupa wa shingo. Hapo ubadilishe maneno: acha kumwambia "kifua juu", mwambie aruhusu kifua kiiname huku mgongo umekazwa kama ulivyokuwa na mti wa fagio. Simama ubavuni pake utazame ncha ya baa. Ikishuka na kupanda wima juu ya katikati ya unyayo, seti tatu za mara tano zinatosha kwa siku hiyo, na siku inayofuata ongeza sahani ya kilo moja na robo kila upande. Ikisogea kuelekea vidoleni wakati wa kuinuka na makalio yakatangulia zaidi ya mara moja kwenye seti, mrudishe kwenye gobleti ya kilo 16 kwa wiki moja, safari hii akitulia chini sekunde tatu.