Wiki ya 5 ya nani? Namba za wiki zilivyoachana mwaka 2026

Wiki ya 5 ya mwaka 2026 kwa CDC, taasisi ya Marekani inayofuatilia magonjwa, inaanza Jumapili tarehe 1 Februari na kwisha Jumamosi tarehe 7. Wiki ya 5 kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) hukitumia kwenye takwimu zake za homa ya mafua, inaanza Jumatatu tarehe 26 Januari na kwisha Jumapili tarehe 1 Februari. Wiki hizo mbili zina jina moja, na zinakutana siku moja tu. Ukizipanga data za pande zote mbili kwenye grafu moja kwa kufuata namba ya wiki, mafua ya Marekani yataonekana kupanda wiki nzima mapema kuliko yalivyopanda. Grafu itachorwa vizuri, haitatoa onyo lolote, na kila Ijumaa CDC wakitoa takwimu mpya itazidi kuongeza nukta mahali pasipo pake.

Wengi hudhani tofauti ya mifumo hii ni ya siku moja tu, na kwa miaka mingi dhana hiyo haiwaletei shida. ISO wanaanza wiki Jumatatu, CDC Jumapili. Zote mbili zinaamua wiki ya kwanza kwa kanuni ileile: ni ile yenye angalau siku nne ndani ya mwaka mpya, yaani ile iliyobeba tarehe 4 Januari. Kwa hiyo miaka mingi namba zinalingana, na kinachotofautiana ni Jumapili tu, kwamba wengine wanaiweka mwanzo na wengine mwisho.

Mwaka unaovunja ulinganifu huo ni ule ambao tarehe 1 Januari inaangukia Alhamisi. Hapo tarehe 4 ni Jumapili. Kwa ISO, Jumapili hiyo ndiyo siku ya mwisho ya wiki iliyoanza tarehe 29 Desemba, na wiki hiyo inakuwa ya kwanza. Kwa CDC, Jumapili hiyohiyo ndiyo inayofungua wiki ya kwanza, na siku zilizotangulia zinahesabiwa kuwa wiki ya 53 ya mwaka uliopita. Ilitokea hivyo mwaka 2009, ikatokea 2015, na imetokea tena 2026. Kuanzia hapo namba zinapishana kwa moja hadi mwaka uishe: wiki ya 10 ya CDC inalingana na wiki ya 11 ya ISO, kasoro ile Jumapili.

Wanaotetea wiki ya Jumatatu wana hoja yenye uzito. Jumamosi na Jumapili zinakaa pamoja, na hilo lina maana kubwa kwa hoteli za Zanzibar au kwa duka linalouza zaidi mwisho wa wiki. Ukiikata wiki katikati ya siku hizo mbili, mauzo ya wikendi moja yanagawanywa kwenye safu mbili za grafu. Zaidi ya hapo, wiki ya kawaida ya DHIS2, mfumo ambao wizara za afya za Kenya, Tanzania na Uganda zinautumia kukusanya taarifa za vituo, ni ya Jumatatu hadi Jumapili. Mfumo huo unaruhusu pia wiki za kuanza siku nyingine, Jumapili ikiwemo, lakini lazima mtu azichague mwenyewe. Anayetaka kulinganisha takwimu za wilaya yake na za nchi jirani au za Ulaya anajikuta tayari yumo ndani ya ISO.

Upande wa Jumapili nao haushikilii mazoea matupu. CDC wana mfululizo wa takwimu wa miaka mingi uliojengwa juu ya wiki hiyo, na nchi za bara la Amerika kupitia PAHO, shirika la afya la bara hilo, zinahesabu hivyohivyo. Kuihamisha leo ni kuvunja ulinganisho na misimu yote ya nyuma, kwa sababu jumla ya wiki haiwezi kugeuzwa kuwa wiki nyingine bila kuwa na hesabu ya kila siku. Kuna faida ya kikazi pia: wiki ikifungwa Jumamosi, Jumapili inabaki kuwa siku ya kukusanya fomu zilizochelewa kabla ya kikao cha Jumatatu asubuhi.

Hoja hiyo ya kugeuza wiki inahitaji kutazamwa kwa karibu, maana watu hutafuta njia ya mkato. Tuchukue zahanati ya kubuni. Jumapili inapokea wagonjwa 4, Jumatatu 40, Jumanne 28, Jumatano 25, Alhamisi 24, Ijumaa 22 na Jumamosi 12. Jumla ya wiki ya Jumapili ni 155. Wiki inayofuata ugonjwa unapanda, jumla inakuwa 217, na Jumapili yake ina wagonjwa 5. Wiki ya ISO, Jumatatu hadi Jumapili, inapata 151 ongeza 5, yaani 156. Asiye na hesabu za kila siku huchukua sehemu sita kwa saba za wiki ya kwanza na sehemu moja kwa saba za wiki ya pili, akapata kama 164. Amezidisha kwa wagonjwa 8, kwa sababu amechukulia Jumapili kuwa siku sawa na nyingine, na zahanati yoyote itakwambia sivyo.

Mfano huohuo unaonyesha jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Kati ya 155 na 156 hakuna tofauti ya kumfanya afisa yeyote abadili uamuzi. Kwenye takwimu za vituo vya afya, kuhamisha Jumapili kutoka upande mmoja kwenda mwingine karibu hakuligusi umbo la grafu. Kinacholipotosha ni namba. Ukiandika 5 mahali pa 6, umesogeza safu nzima siku saba, na siku saba kwenye mlipuko ni nyingi. Ndiyo maana mabishano ya Jumapili au Jumatatu ipi bora hupoteza muda mwingi kuliko yanavyostahili, huku swali la wiki ya kwanza ni ipi likipitwa bila kuulizwa.

Na hapo Excel inaingia na mfumo wake wa tatu. Fomula ya `WEEKNUM` ikiachwa bila maelekezo huanza wiki Jumapili, lakini haifuati kanuni ya siku nne. Wiki yake ya 1 ni ile yenye tarehe 1 Januari, hata ikiwa na siku moja tu. Mwaka 2026 wiki yake ya kwanza ina siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi, na ya pili inaanza tarehe 4. Kwa bahati, matokeo yake yanalingana na ISO kwa siku zote za mwaka huo isipokuwa Jumapili. Ilikuwa hivyo 2023, 2024 na 2025 pia, ukiacha siku za mwisho wa Desemba. Mtu aliyejenga dashibodi yake ndani ya miaka hiyo anaweza kuamini kabisa kwamba anatumia wiki za kimataifa. Mwaka 2027, tarehe 1 Januari ikiwa Ijumaa, `WEEKNUM` itatangulia ISO kwa wiki nzima, na 2028 vilevile.

Kujua dashibodi uliyoikuta inatumia mfumo gani kati ya hii mitatu, angalia tarehe mbili tu: Jumapili 4 Januari 2026 na Jumatatu 5 Januari 2026. Zikitoka 1 na 2, ni ISO. Zikitoka 1 na 1, ni wiki za CDC. Zikitoka 2 na 2, ni `WEEKNUM` ya kawaida. Usijaribu kuipata wiki ya CDC kwa kuongeza siku moja kwenye tarehe kisha kuipitisha kwenye `ISOWEEKNUM`. Ujanja huo ulifanya kazi 2025 hadi tarehe 27 Desemba, lakini kwa tarehe 4 Januari 2026 unatoa 2 badala ya 1.

Kosa jingine linajitokeza hasa kwenye grafu zinazojihuisha zenyewe, kwa kuwa hapo data mpya huandikwa juu ya safu kwa kufuata jina la wiki. Jumatatu tarehe 29 Desemba 2025 iko ndani ya wiki ya 1 ya ISO, lakini mwaka wake wa ISO ni 2026. Mwandishi wa programu akichanganya mwaka wa kalenda na wiki ya ISO anapata hivi:

```
%Y-%V   2025-01
%G-%V   2026-01
```

Mstari wa kwanza ndio wenye kosa, maana `%Y` ni mwaka wa kalenda, ilhali `%G` ni mwaka wa ISO na `%V` ni wiki ya ISO. Siku tatu za mwisho wa Desemba zinapelekwa mwanzo wa grafu, kwenye Januari 2025, na wiki ya 1 ya 2026 inabaki na siku nne. Dalili zake ni mbili, na zinakuja pamoja: nukta ya Januari ya mwaka uliopita inavimba ghafla ingawa hakuna ripoti ya zamani iliyoletwa, na mwaka mpya unaanza kwa mteremko ambao hakuna daktari anayeuona wodini.

Msimamo wangu ni kwamba takwimu za afya za kwetu zibaki kwenye ISO, na za CDC zibaki kwenye wiki yao, lakini kwenye kompyuta zisiunganishwe kwa namba ya wiki hata mara moja. Ziunganishwe kwa tarehe ambayo wiki inaanza. Kwenye Excel, tarehe ikiwa kwenye A2, mstari wa kwanza hapa chini unatoa Jumatatu inayoanza wiki ya ISO na wa pili Jumapili inayoanza wiki ya CDC:

```
=A2-WEEKDAY(A2,2)+1
=A2-WEEKDAY(A2)+1
```

Kisha Jumapili ya CDC ikiongezwa siku moja, wiki ya CDC ya Jumapili tarehe 1 Februari inalinganishwa na wiki ya ISO ya Jumatatu tarehe 2 Februari, na chini ya grafu inaandikwa tarehe, mfano "wiki iliyoishia 7 Feb". Namba inaweza kubaki pembeni kwa wanaoizoea, mradi mfumo wake utajwe. Anayesema tarehe zinajaza nafasi kwenye mhimili ana haki, hasa kwenye simu, na suluhisho lake ni kuandika tarehe moja kila baada ya wiki nne.

Jambo moja halisubiri. Mwaka 2026 una wiki 53 za ISO, na ya 53 inaanzia 28 Desemba hadi 3 Januari 2027. Mwaka wa CDC unafungwa kwenye wiki ya 52, Jumamosi tarehe 2 Januari, kisha namba za pande zote mbili zinarudi kulingana. Dashibodi yenye safu 52 tu itaitupa ile wiki ya 53, na anayelinganisha miaka miwili kwa namba atakosa cha kuiwekea kando, kwa kuwa 2025 ya ISO haikuwa na wiki ya 53.