Umeniambia ulichokusudia, sasa nionyeshe mistari

“Kaka, nimeongeza kinga ili malipo yaleyale yasirekodiwe mara mbili. Nimejaribu, inafanya kazi. Naomba uipitie kabla sijaipandisha kwenye seva.”

Ujumbe unaishia hapo. Hakuna faili, hakuna kiungo, hakuna hata mstari mmoja wa msimbo uliobadilika. Na mara nyingi jibu huwa fupi vilevile: “Safi, pandisha.” Mimi naona jibu hilo ni baya kuliko kukaa kimya, kwa sababu aliyeomba ataondoka akiamini kazi yake imekaguliwa, kumbe kilichokaguliwa ni sentensi yake tu.

Tuichukue kinga hiyohiyo ya malipo. Anayeunganisha mfumo wake na malipo ya simu anajua shida inakotoka. Mteja akilipa, mtandao wa malipo hutuma taarifa kwenye seva yako yenye namba ya risiti na kiasi. Seva yako ikichelewa kujibu, taarifa ileile inaweza kutumwa tena. Usipojikinga, mteja aliyelipa 5,000 anaonekana kwenye hesabu kalipa 10,000. Basi mwandishi anasema ameongeza kinga. Huenda aliyoiongeza ni hii:

```python
if not Malipo.objects.filter(risiti=risiti).exists():
    Malipo.objects.create(risiti=risiti, kiasi=kiasi)
```

Ukiisoma haraka haina kasoro: uliza kama risiti ipo, kama haipo iandike. Lakini seva haifanyi kazi moja kwa wakati mmoja. Taarifa mbili zikiingia kwa pamoja, michakato miwili inauliza swali lilelile, yote inajibiwa kwamba risiti haipo, kisha yote inaandika. Malipo yanarekodiwa mara mbili kama zamani, ila sasa ni kwa nadra, jambo ambalo ni gumu zaidi kulifuatilia. Na zingatia kwamba mwandishi hakudanganya aliposema amejaribu. Akiwa kwenye kompyuta yake alituma taarifa ya kwanza, akasubiri, akatuma ya pili, na ya pili ikakataliwa. Jaribio lake halikuwahi kuzigonganisha taarifa hizo mbili.

Au huenda aliifanya kazi hiyo ndani ya hifadhidata yenyewe, kwa PostgreSQL:

```sql
ALTER TABLE malipo ADD CONSTRAINT risiti_moja UNIQUE (risiti);

INSERT INTO malipo (risiti, kiasi) VALUES ($1, $2)
ON CONFLICT (risiti) DO NOTHING;
```

Hapa hifadhidata ndiyo inayokataa, na hata michakato kumi ikija kwa pamoja ni mmoja tu utakaoandika. Hata hivyo maswali yanabaki. Ile amri ya kwanza itagoma ikiwa jedwali tayari lina risiti zilizojirudia, na kwa kuwa tatizo lilikuwepo, huenda zimo. Halafu salio la mteja linaongezwa wapi? Likiongezwa baada ya `INSERT` bila kuangalia kama kuna safu iliyoandikwa kweli, jedwali la malipo litakuwa sahihi na salio litaendelea kuvimba. Kuna pia uwezekano wa tatu, ambao nimeuona zaidi ya nilivyotaka: kinga imeandikwa vizuri kabisa, ila imekaa mistari kadhaa chini ya pale salio lilipokwisha kuongezwa.

Misimbo mitatu, tabia tatu tofauti, na ile sentensi ya “nimeongeza kinga” inaifaa yote bila kubadilishwa neno. Maelezo hubeba nia ya mwandishi, lakini hitilafu hukaa pale ambapo nia na mistari vimeachana, na pengo hilo huwezi kuliona ukiwa na upande mmoja. Ndiyo maana hata maelezo marefu, yenye vichwa vya habari na orodha, hayanisaidii sana hapa. Yananieleza vizuri zaidi kile mwandishi anachokiamini.

Hapo nilimchukulia mwandishi kuwa mtu mwema. Asipokuwa mwema, tazama yaliyotokea kwenye XZ Utils, programu ya kubana mafaili inayopatikana karibu katika kila mfumo wa Linux. Februari 2024 mchangiaji aliyekwisha kuaminiwa na mradi aliingiza badiliko ambalo maelezo yake yalisema linarekebisha ukaguzi wa Landlock, kinga ya kernel ya Linux inayoibana programu isifungue mafaili yasiyoihusu. Ukaguzi wenyewe ni kipande kifupi cha C: kikikubaliwa na kompaila, Landlock inawashwa. Ndani ya kipande hicho, kwenye mstari wa peke yake, paliwekwa nukta moja.

```c
#include <sys/prctl.h>
.
void my_sandbox(void)
```

Kwa nukta hiyo kipande hakiwezi kukubaliwa kamwe. Wanaojenga programu kwa CMake hawakuona kosa lolote kwenye skrini. Mfumo ulihitimisha tu kwamba kompyuta haina Landlock, ukaendelea bila kinga. Nukta iligunduliwa baada ya Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, kufichua, tarehe 29 Machi 2024, mlango wa nyuma uliopandwa kwenye programu hiyohiyo. Maelezo yalisema “rekebisha”, mistari ilivunja. Nakubali kwamba nukta ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeifungua mistari, na bado ilipita. Kuonyeshwa mistari hakuhakikishi kwamba kosa litaonekana. Ila kwa aliyepewa maelezo tu, hata bahati ya kuliona hana.

Sasa mpitiaji afanye nini akiletewa maelezo matupu? Kuna kazi ya haki anayoweza kuifanya: kujadili wazo. Anaweza kuuliza kinga iko kwenye programu au kwenye hifadhidata, salio linaongezwa kabla au baada, risiti za zamani zilizojirudia zitafanywaje. Kisha aandike waziwazi: “Nimejadili wazo, mistari sijaiona.” Watengenezaji wa kernel ya Linux wana alama mbili kwa ajili ya hili. `Acked-by:` ni ya kuonyesha kwamba mtu hana pingamizi, wala haimaanishi kwamba amechunguza kila kitu. `Reviewed-by:` ni tamko kwamba amefanya ukaguzi wa kiufundi wa badiliko lenyewe. Timu zetu nyingi zina kitufe kimoja tu cha kukubali, na jina lako likishakaa pale, hakuna atakayekumbuka ulionyeshwa nini.

Kwa anayeomba, kazi si kubwa:

```
git diff main...HEAD > badiliko.patch
```

Nukta ni tatu, si mbili. Tatu zinaonyesha ulichobadilisha tangu tawi lako lilipoachana na `main`. Ukiweka mbili, kazi ambayo wenzako wameiingiza `main` baada ya hapo itaonekana kana kwamba wewe umeifuta. Tuma maandishi, usitume picha ya skrini, maana kwenye picha siwezi kunukuu mstari nikauandikia chini yake.

Wapo wasiotuma kwa sababu mwajiri amekataza msimbo kutoka nje. Sababu hiyo naiheshimu, lakini basi mpitiaji awe mtu wa ndani mwenye ruhusa, na mimi wa nje nibaki kwenye wazo. Na hata ukiruhusiwa, pitia kwanza mistari inayoanza na alama ya kutoa. Nenosiri la hifadhidata ulilolifuta leo kwenye faili ya mipangilio litakuwa pale pale ndani ya `badiliko.patch`, likisomeka herufi kwa herufi.