Gesi ya kiyoyozi haiishi

Mjomba wangu ana duka la dawa Kongowea, Mombasa. Mwaka jana nilipokuja likizo kutoka Hamburg, nilikuta kiyoyozi chake kimejazwa gesi mara tatu tangu Ramadhani. Fundi huja, hufunga geji, huongeza gesi, duka likapoa wiki kadhaa, kisha joto likarudi. "Gesi imekwisha tena," mjomba aliniambia, kana kwamba ni mtungi wa jikoni.

Gesi ya kiyoyozi haiishi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Mimi nilishika spana miaka minne katika karakana ya friji Majengo, na hili sikuwahi kuambiwa. Si kwamba mafundi wangu walinificha. Hakuna aliyekuwa na jukumu la kunifundisha, kwa hiyo nilijifunza kwa kuchungulia begani, na nilichokiona ni kujaza.

Ujerumani, nilikokwenda kujifunza upya, uanagenzi wa ufundi wa friji na viyoyozi ni miaka mitatu na nusu. Unatia saini mkataba na kampuni, na mkataba huo unasajiliwa kwenye chemba ya mafundi. Muda mwingi uko kazini, uliobaki uko chuoni, na mshahara unalipwa. Kwa walioanza 2025, kiwango cha chini kabisa mwaka wa kwanza ni euro 682 kwa mwezi, kabla ya makato. Kwa kodi ya nyumba ya Hamburg hizo ni pesa za kubana sana, na asidanganywe mtu.

Lakini kazi na darasa vilikutana ndani ya mwezi mmoja. Chuoni tulifundishwa kwamba presha ikishushwa sana, maji huchemka hata bila moto. Muda si muda, juu ya paa la hoteli, bosi akaniwekea pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa na unyevu kutoka kwenye mabomba, na kuniambia nisiondoe macho kwenye geji. Ukizima pampu na mshale ukapanda kidogo kisha ukasimama, ndani kumebaki unyevu. Ukipanda bila kusimama, kuna tundu. Unyevu ukiachwa huingia kwenye mafuta ya kompresa, hugeuka asidi, na asidi hula waya za mota. Kwa hewa yetu ya Pwani iliyojaa maji, hatua hii haifai kurukwa kamwe. Majengo tuliiruka kila siku: tulifungua gesi kidogo isukume hewa nje, basi.

Kwa mjomba nilianza kwa kutazama. Bomba jembamba lilikuwa na barafu, dalili kwamba gesi imepungua. Kwenye nati moja ya nje palikuwa na alama ya mafuta, kwa sababu gesi inapovuja hutoka na mafuta ya kompresa. Gesi iliyobaki tuliihamishia kwenye mtungi, tukajaza naitrojeni, tukapaka povu la sabuni, na mapovu yakatokea pale pale. Mdomo wa bomba la shaba ulikuwa umepasuka. Tukaukata, tukautanua upya, tukafanya vakyumu, kisha tukaweka gesi kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko.

Aliyenishikia taa ni binamu yangu, mwenye shahada ya uhandisi wa mitambo. Mchoro wa mzunguko wa gesi aliueleza vizuri kuliko mimi. Kifaa cha kutanulia shaba alikuwa hajawahi kukigusa. Miezi yake mitatu ya atachimenti aliimalizia kupanga mafaili. Simlaumu. Chuo kikuu cha ufundi pale Tudor kilianza kama taasisi ya ufundi ya Waislamu, kikawa politekniki 1972 na chuo kikuu 2013. Kila ngazi ilipandishwa kwa heshima, na wazazi wetu wamejifunza kwamba heshima iko kwenye joho.

Yule fundi wa mjomba naye ana mikono ya miaka ishirini. Anaweza kufanya mtihani wa serikali wa ufundi akapata gredi, lakini karakana yake hailazimiki kumfundisha kijana yeyote jambo lolote kwa mpangilio. Ujerumani mimi nilijaza daftari la kazi tangu mwanzo, na bila daftari hilo huingii mtihani. Watahini nao ni waajiri, wafanyakazi na walimu wa chuo, kwa hiyo bosi wako hawezi kukupitisha kwa upendeleo. Hilo ndilo ningelihamishia Mombasa kwanza, kabla ya mashine yoyote: mkataba unaomfunga mwenye karakana kufundisha, na mtahini anayetoka nje.

Kuna ubaya wake pia. Miezi ya mwanzo ni ya majaribio, na bosi anaweza kukuachisha bila kutoa sababu. Kwa mgeni ambaye kibali chake cha kuishi kimeshikana na mkataba ule, unalala na hofu.

Binamu yangu sasa anasoma Kijerumani jioni. Nimemwambia atafute mkataba kwanza, na shahada asiifiche kwenye barua ya maombi.