Fagio si daktari wa magoti

Jumamosi nilimsindikiza mamangu mdogo mpaka ufukwe wa Mama Ngina, Mombasa. Daktari amemwambia apunguze sukari, aongeze mazoezi, na pale ufukweni kuna kochi kijana anayekusanya akina mama kila asubuhi. Mimi nilikuja kunywa kahawa tu. Basi kochi akatoa fimbo ya fagio, akaisimamisha mbele ya vidole vya miguu ya mamangu mdogo, akamwambia, "Mama, chuchumaa. Goti lisivipite vidole; likigusa fagio, goti umeliharibu."

Mamangu mdogo akachuchumaa. Akafika nusu, akaanguka chali.

"Mwanangu, utaniua," akamwambia, huku amekaa sakafuni akipangusa buibui. Kochi akasema miguu yake ni dhaifu. Hapo kahawa ikanipalia. Mwanamke huyu amekalia mbuzi miaka arubaini akikuna nazi, magoti yako mbele huko, leo aambiwe hajui kuchuchumaa!

Nimefundisha fizikia muda mrefu, na naomba mniwie radhi, nitaingia darasani kidogo.

Ukiwa umesimama kwa miguu yako bila kuanguka, uzito wako wote pamoja na ulichobeba lazima ukae juu ya unyayo, karibu na katikati yake. Vuta mstari wa wima kutoka katikati ya unyayo kwenda juu. Ukichuchumaa mpaka paja lilale sawa na sakafu, goti liko mbele ya mstari huo na nyonga iko nyuma yake. Umbali wa goti mpaka mstarini ndio mkono wa wenzo unaolikunja goti, na umbali wa nyonga mpaka mstarini ndio unaoikunja nyonga. Misuli ya mbele ya paja inapambana na ule wa kwanza, makalio na misuli ya nyuma ya paja inapambana na ule wa pili.

Sasa, paja ni mfupa mmoja. Haurefuki kwa sababu kochi ameweka fagio.

Paja langu, toka goti hadi nyonga, ni sentimita 42. Nikibeba chuma cha kilo 60 mgongoni, ni kama niutoni 600, na uzito wa mwili nauweka kando ili hesabu iwe nyepesi. Nikijiachia nichuchumae nipendavyo, goti linakwenda sentimita 20 mbele ya katikati ya unyayo. Kwa kuwa toka hapo hadi ncha za vidole ni kama 14, goti limevipita vidole kwa 6. Nyonga imebaki sentimita 22 nyuma. Zidisha niutoni kwa umbali huo kwa mita: goti linapata niutoni-mita 120, nyonga 132, miguu yote miwili pamoja. Haya, leta fagio. Goti likirudi nyuma ya vidole, tuseme sentimita 12 toka mstarini, nyonga haina pa kwenda ila sentimita 30 nyuma. Goti sasa 72, nyonga 180. Goti limepunguziwa 48, nyonga imeongezewa 48 zilezile. Ni mzigo uleule, umebadilishiwa mpagazi.

Na habari haiishii hapo. Nyonga ikirudi sentimita 30, chuma bado lazima kibaki juu ya unyayo, kwa hiyo kifua kinalala mbele. Toka nyonga hadi kwenye chuma mimi nina kama nusu mita. Mwanzo nilikuwa nimeinama nyuzi 26 hivi kutoka wima, sasa ni 37. Mgongo wa chini uko jirani kabisa na nyonga, kwa hiyo nao umeonja sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Mtu aliyekuja na hofu ya magoti anarudi nyumbani ameshika kiuno, na kochi anamwambia hajanyoosha misuli vizuri.

Mamangu mdogo je, ambaye hakubeba chochote? Fagio lilimzuia goti, nyonga ikarudi nyuma, na kwa kuwa aliambiwa pia "kifua juu, mama", hakuwa na cha kupeleka mbele. Uzito ukavuka kisigino. Hata mwanariadha angeanguka.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 2003 Andrew Fry na wenzake wawili walichukua wanaume 7 waliozoea vyuma, kila mmoja akabeba uzito sawa na mwili wake, mara wakichuchumaa huru, mara wakiwekewa ubao mbele ya miguu. Kwenye goti wastani ulishuka toka niutoni-mita 150 hadi 117. Kwenye nyonga ulipanda toka 28 hadi 303. Mnaona kwa nini watu wa upande wangu wanapenda kuitangaza: nyonga imeongezeka karibu asilimia 1000! Wanaandika hivyo kwa herufi kubwa, na mimi huwa nageuza uso. Ile 28 ya mwanzo ilikuwa na mtawanyiko wa 65, yaani mkubwa kuliko wastani wenyewe, na ukigawanya kwa namba ndogo inayoyumba hivyo utapata asilimia yoyote uitakayo. Halafu goti limetoa 33 tu, nyonga imepokea 275. Jiometri ya paja moja haikubali ubadilishanaji wa namna hiyo. Mwelekeo naukubali kwa mikono miwili. Ukubwa wake sitaubandika ukutani.

Lanji, lile zoezi la kupiga hatua mbele na kushuka, ni habari ileile kwa mguu mmoja wa mbele, isipokuwa wa nyuma nao husaidia kubeba. Hatua fupi na kifua wima, goti linafanya kazi zaidi. Hatua ndefu, muundi ukae wima, kifua kiiname kidogo, makalio yanachukua zamu.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Mtu anayeumwa mbele ya goti, chini ya pia ya goti au kwenye kano yake, akiambiwa kwa wiki kadhaa asipeleke goti mbali mbele, ameambiwa vizuri. Goti lake linapumzishwa na nyonga inashika doria. Lakini hiyo ni dawa ya mgonjwa, na dozi yake hupungua maumivu yakipungua. Kochi anawagawia watu thelathini wazima kama panadol ya bure. Wakimaliza wanateremka ngazi au rampu ya feri Likoni maji yakiwa yamekupwa, na kila hatua goti la nyuma linavipita vidole kabla mguu wa mbele haujakanyaga. Hakuna fagio pale.

Kama ningekuwa kochi ningetazama kisigino. Kikinyanyuka, kifundo cha mguu kimekaza au mtu ameegemea vidoleni, na hapo kweli goti linatupwa mbele kuliko linavyostahili. Ningetazama pia kama goti linafuata vidole au linaangukia ndani. Basi.

Nilimwinua mamangu mdogo, nikampa dumu la maji la lita 5, nikamwambia alishike kwa mikono miwili mbele ya kifua, achuchumae kama anakalia mbuzi. Zile kilo 5 mbele zikamsawazishia makalio nyuma. Akashuka mpaka chini, visigino sakafuni, magoti yamevipita vidole kwa upana wa kiganja, akapanda. Akarudia mara nane, akihesabu kwa sauti ili kochi asikie.

Fagio alilichukua yeye. Anasema atalirudisha Jumamosi, akimaliza kufagia kibaraza.