B2 kwa Miezi Mitatu? Tupige Hesabu

Kwenye nguzo ya umeme karibu na stendi ninayopandia matatu kuna tangazo: "Fika B2 kwa miezi mitatu, nenda Ujerumani ukafanye kazi ya uuguzi." B2 ni ngazi ya nne kati ya sita za kujua Kijerumani, kuanzia A1, A2, B1 hadi C2. Kila nikilipita tangazo hilo roho inaniuma. Namjua muuguzi aliyelipia ahadi ya namna hiyo kwa pesa za ng'ombe aliyeuzwa na mamake, na miezi mitatu ilipokwisha hakuweza kuandika barua ya kuomba ruhusa kazini.

Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini Kijerumani, wanakadiria kwamba kutoka sifuri hadi B2 ni vipindi 600 hadi 800, kila kimoja dakika 45. Chukua darasa la asubuhi la vipindi vinne, siku tano kwa wiki. Hivyo ni vipindi 20. Miezi mitatu ina wiki 12 hivi, kwa hiyo umepata vipindi 240, na kwa makadirio hayo hayo uko A2. Kufikisha 600 kunataka wiki 30, na 800 wiki 40, kabla ya kuhesabu kazi ya nyumbani na likizo. Anayeshika zamu mchana na kusoma jioni tatu kwa wiki, vipindi vitatu kila jioni, ajiandae kwa mwaka na robo akiwa mwepesi, na karibu miaka miwili akienda mwendo wa kawaida.

Wapo wanaofika mapema, nakubali. Wengi wao wameacha kazi, wanasoma kutwa nzima, na kuna mtu anayewalipia kodi ya nyumba.

Linaloniudhi zaidi ni ushauri wa pili: achana na darasa, nenda na A1 yako ukalee watoto kwenye familia ya Kijerumani mwaka mmoja, lugha itakuingia yenyewe. Itaingia, lakini si yote. Mjerumani akisema kitabu kiko mezani, anasema "auf dem Tisch". Akikuagiza ukiweke mezani, anasema "auf den Tisch". Sisi tunasema "mezani" kote kuwili, kwa hiyo sikio letu halina sababu ya kuitafuta tofauti hiyo, na katika mazungumzo ya haraka hizo m na n karibu zinamezwa. Wewe utaona kitabu, utaona mkono unaonyesha meza, utakiweka. Umeelewa, umeeleweka, na mama mwenye nyumba hana haja ya kukurekebisha. Kosa linakaa mwaka mzima bila kuguswa, na kadiri unavyozoea kuongea ndivyo linavyokuwa gumu kung'oa.

Kisha unaingia mtihani wa B2 wa Goethe. Sehemu ya kuandika ni dakika 75: kwanza maoni yako kuhusu suala la kijamii, halafu ujumbe rasmi, mathalani kwa mkuu wako wa kazi. Kila sehemu ya mtihani inataka alama 60 kati ya 100, na ufasaha wa jikoni hauongezi alama kwenye karatasi. Waulize dada zetu waliofanya kazi Riyadh: wengi wanaongea Kiarabu cha nyumbani bila kusita, lakini ukiwapa barua ya benki wanatafuta mtu wa kuwasomea.

Kuishi na wenye lugha kuna faida ambayo darasa la Nairobi haliwezi kuitoa, nayo ni sikio. Muuguzi aliyefaulu B2 hapa akipangiwa Bavaria atakutana na mzee anayeongea lahaja ya kijijini kwao, na wiki za kwanza atashika nusu tu. Hilo hutibiwa na wodi yenyewe. Ila aliyefika akiwa na sarufi mkononi anapanda haraka, kwa sababu kila anachokisikia ana mahali pa kukiweka. Ndiyo maana nasema kuishi huko kufuate baada ya B1 imara.

Kujisomea ni kwa msamiati na kusikiliza. Deutsche Welle wana masomo ya bure hadi B1, na nusu saa kila siku inashinda saa nne za Jumapili. Lakini insha yako inataka mtu wa kukaa nayo na kukueleza kwa nini hapa ni "dem". Kazi hiyo ni ya mwalimu, na ndiyo ya kulipia.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, muulize mwenye chuo mambo mawili. Kozi nzima ina vipindi vingapi hadi B2? Nani anasahihisha maandishi yangu, na mara ngapi kwa wiki? Kisha omba uonyeshwe daftari la mwanafunzi wa B1. Kama halina kalamu nyekundu ya mwalimu, rudi nyumbani na pesa zako.