Majibu ya kipimo hayatakuja kwa wakati, mpe doksisaiklini leo

Kuna sentensi moja niliyoisoma mwezi uliopita kwenye karatasi ya mgonjwa, na mpaka leo inanichoma. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri kabisa: "Asianzishiwe dawa mpaka majibu ya riketsia yarudi." Chini yake muhuri. Damu ilikuwa imetumwa Dar kutafutwa riketsia, bakteria wa homa ya kupe, na majibu yalitarajiwa baada ya wiki mbili.

Mwenye karatasi ni mwalimu wa sekondari, binti wa miaka ishirini na kitu, siku ya tano ya homa. Aliingia ameshika kichwa kwa mikono miwili, akashindwa hata kuinua macho kunitazama. "Shikamoo mama. Shingo, mama, shingo na kichwa." Siku ya kwanza kipimo cha haraka cha malaria kilitoka hasi, akapewa dawa mseto hivyo hivyo. Siku ya tatu akapimwa Widal, akaambiwa ana taifodi, akaanza sindano za seftriaksoni. Homa ikabaki pale pale, thelathini na tisa na kitu kila jioni. Ndipo mtu mmoja mwenye akili akakumbuka homa ya kupe. Nampongeza kwa dhati kwa kuikumbuka. Ila aliikumbuka akachukua damu, kisha akamrudisha mgonjwa nyumbani na panadoli.

Nilimuuliza kama aling'atwa na kupe. Akasema hapana. Wengi husema hapana, kwa sababu kupe wachanga ni wadogo kama punje ya ulezi, hujishikiza mahali pasipoonekana, na huondoka bila kuuma kwa maana tunayoijua sisi. Swali la maana ni lingine: ulikuwa wapi wiki mbili zilizopita? Akasema alikuwa Ubaruku, kwa mama yake, kwenye mavuno ya mpunga, na kila asubuhi walikatiza kwenye majani ambako ng'ombe hupita kwenda kunywa maji. Mtu anayeijua Mbarali hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi nikavuta pazia nikamkagua mwili mzima. Nyuma ya goti la kushoto palikuwa na kidonda kidogo, upana wa kitufe cha shati, kigaga cheusi tii katikati na wekundu ukikizunguka. Hakimuumi wala hakimwashi, ndiyo maana hakuwahi kukiona. Cha pili kilikuwa kiunoni, pale bendi ya sketi inapokaa. Kinenani upande wa kushoto mitoki imevimba, ukiigusa anashtuka. Vipele mwilini hakuwa navyo, na kukosekana kwake hakuniambii kitu, maana wagonjwa wengi wa homa hii hawavipati. Homa, kichwa, shingo, vigaga viwili vyeusi, mitoki, malaria hasi, na wiki moja kwenye njia ya ng'ombe. Nikampa doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni, kidonge cha kwanza akakimeza mbele yangu. Usiku wa pili alilala. Siku ya tatu mama yake alinipigia simu kuniambia mwanawe ameomba ugali.

Sasa nizungumze na wenzangu wanaosema kutoa dawa bila jibu la maabara si kazi ya kitabibu. Naomba mtazame hicho kipimo mnachokisubiri kinapima nini. Damu ile inatafutwa kingamwili, yaani silaha ambazo mwili unatengeneza dhidi ya riketsia. Mwili hauzitengenezi siku ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kwa wagonjwa wa homa ya kupe wa Afrika ulionyesha kwamba kingamwili za aina zote mbili zinazopimwa zilianza kuonekana, kwa mgonjwa wa kati, karibu wiki ya nne tangu homa ianze. Wiki ya nne! Mwalimu wangu alitolewa damu siku ya nne. Jibu lake lingetoka hasi, karibu kwa uhakika, wakati riketsia wenyewe wamejaa kwenye kuta za mishipa yake ya damu. Na mtu wa kalamu ya bluu angeisoma ile hasi akaandika: si homa ya kupe.

Tena kwetu huku tatizo lina upande wa pili. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mkoa wetu wa Mbeya, wakapima damu za watu wa kawaida vijijini na mjini. Zaidi ya nusu walikuwa na kingamwili za riketsia wa kundi linaloleta homa ya kupe, hasa wanaoishi vijijini na kwenye maeneo yenye joto. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Waliwahi kukutana na kupe siku zilizopita, mwili ukaweka kumbukumbu. Kwa hiyo hata kipimo cha siku ya nne kikitoka chanya kwa mtu wa bonde la Usangu, huko Mbarali, hujui kama unaona homa ya wiki hii au kupe wa miaka iliyopita. Ili kingamwili zikupe jibu la kuaminika unahitaji damu mbili: ya sasa, na nyingine baada ya wiki mbili hadi nne, kisha uone kiwango kimepanda angalau mara nne. Jibu hilo ni zuri kwa mtafiti. Mgonjwa atakuwa ameshapona au ameshaharibikiwa.

Kwa hiyo anayesubiri anasubiri karatasi ambayo, ikisema hapana, haimaanishi hapana, na ikisema ndiyo, huenda inasema habari za zamani.

Najua mtakaloniambia: homa ya kupe ya huku haiui. Ni kweli, ile ya kupe wa ng'ombe mara nyingi huisha yenyewe, na sitaki kumtisha mtu. Lakini pale kitandani, kwa macho, mna njia gani ya kuitofautisha na ndugu yake anayeletwa na kupe wa mbwa? Huyo huua, hasa wazee, wenye kisukari na walevi. Kigaga ni kile kile, homa ni ile ile. Hata kipimo cha kingamwili mara nyingi huwachanganya hao wawili. Na hata hii nyepesi, wiki mbili za kichwa kinachopasuka ni mateso ambayo kidonge cha bei ya soda kinayakata kwa siku mbili.

Mwezi huo huo alikuja kijana anayesoma India, amerudi likizo, siku ya sita ya homa, na kigaga cheusi kwapani. Huyo nilimfikiria taifasi ya vichakani, ugonjwa wa Asia unaoletwa na watoto wa utitiri, wadogo kuliko kupe yeyote. Dalili huanza siku sita hadi ishirini na moja baada ya kuumwa, hivyo mtu anapanda ndege akiwa mzima na kuugulia Mbeya. Huu si wa kuuchezea: usipotibiwa, takriban wagonjwa 6 kati ya 100 hufa, baada ya kushambuliwa mapafu, figo au ubongo. Kipimo chake cha kingamwili kina kasoro zile zile, na dawa ya kwanza ni ile ile. Nilimwanzishia saa ile ile, na rufaa ikaandikwa akiwa ameshameza.

Seftriaksoni haikumsaidia mwalimu, na amoksilini nayo isingemsaidia, kwa sababu riketsia hakai nje kwenye damu. Anaingia ndani ya chembe hai zinazotandika mishipa, na dawa za jamii ya penisilini hazimfikii humo. Doksisaiklini inapenya hadi ndani na kumzuia kutengeneza protini zake. Ukiona homa haishuki kwa seftriaksoni siku ya tatu, usibadilishe sindano kwa sindano nyingine ya jamii hiyo. Mvue mgonjwa nguo utafute kigaga: nyuma ya magoti, kinena, chini ya matiti, kitovu, nyuma ya masikio, ndani ya nywele.

Kuhusu usugu wa dawa, nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba doksisaiklini haipaswi kugawiwa kwa kila homa. Malaria ipimwe kwanza, kila mara. Lakini kushuku kwenye dalili na mazingira ni uchunguzi kamili, na una namna yake ya kujisahihisha: homa ya riketsia hushuka ndani ya saa 48, au 72 kwa aliyechelewa. Isiposhuka, ulikosea, tafuta kingine. Brusela, kwa mfano, huweza kupungua kidogo kisha ikarudi, kwa kuwa inataka wiki sita na dawa zaidi ya moja. Na mgonjwa mahututi apewe seftriaksoni pamoja na doksisaiklini, asichaguliwe mojawapo.

Wala si hofu ya kinadharia kwamba tunawakosa. Hospitalini Moshi walifuatiliwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliodhaniwa wana malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Kati ya waliopimwa riketsia wa kundi hili, 8 kwa kila 100 walikuwa nao. Hayo ni ya kaskazini. Kwetu, kwenye ng'ombe wa Usangu na josho zilizokauka, sioni sababu ya kutegemea nafuu.

Watoto nao wasinyimwe. Hofu ya meno kubadilika rangi ilitokana na tetrasaiklini za zamani. Kozi fupi ya doksisaiklini haijaonekana kuharibu meno, na mtoto chini ya kilo 45 hupewa miligramu 2.2 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Mjamzito mwenye homa nyepesi apewe azithromaisini. Kidonge kimezwe na bilauri nzima ya maji, mtu asilale papo hapo maana kinaunguza koo, na vidonge vya damu vikae mbali nacho kwa saa kadhaa.

Na kama kituo chako kina njia ya kutuma sampuli kwenye maabara ya vinasaba, tuma, ila tuma kitu cha maana. Inua ukingo wa kigaga taratibu, zungusha pamba safi chini yake, au chukua kigaga chenyewe kikidondoka. Hapo ndipo riketsia wamejaa tangu siku za mwanzo, kabla kingamwili hazijazaliwa. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Ukimaliza, mpe mgonjwa vidonge vyake vya siku saba mkononi, kisha ndipo ujaze fomu ya maabara.